Mstari wa maisha uliohama kiganjani

Msomaji viganja akishika mkono wa mteja, macho yake hutafuta kwanza mistari mitatu. Wa juu huanzia chini ya kidole cha mwisho na kupita chini ya vidole vingine kuelekea cha shahada. Huo huitwa mstari wa moyo, na humo msomaji hudai kuona mapenzi, wivu na ndoa. Wa pili hukata kiganja katikati. Ni mstari wa akili, unaosemwa kuonyesha jinsi mtu anavyofikiri na kuamua mambo. Wa tatu hutokea baina ya gumba na kidole cha shahada, ukazunguka shina la gumba hadi karibu na kifundo cha mkono. Huo ndio mstari wa maisha, na ndio unaowatia watu hofu, kwani wengi wameambiwa kwamba ukiwa mfupi, umri nao ni mfupi.

Baada ya mistari huja vilima, yaani zile sehemu za nyama zilizoinuka kiganjani. Kila kimoja kimepewa jina la sayari, jua au mwezi. Kilima kinene chini ya gumba ni cha Zuhura, na husemwa kueleza mapenzi na uchangamfu. Chini ya kidole cha shahada ni kilima cha Mshtarii, cha uongozi na tamaa ya cheo. Chini ya kidole cha kati ni cha Zohali, cha subira na huzuni. Kidole cha pete kimekalia kilima cha Jua, cha sanaa na umaarufu, na kidole cha mwisho kilima cha Utaridi, cha biashara na ufasaha. Upande wa pili wa kiganja, mkabala na gumba, upo Mwezi, wa ndoto na safari. Mirihi ana sehemu mbili, zote za ushujaa. Kilima kikiwa kimejaa, tabia hiyo inasemwa kuwa na nguvu. Kikiwa bapa, imepungua. Tabia zote hizo zilitoka kwa wanajimu, waliozihusisha na nyota hizo kwa karne nyingi.

Mpangilio huo unaonekana kama umekuwepo tangu zamani, lakini maandishi ya kale yanasema vingine. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika katika kitabu chake kuhusu wanyama kwamba watu wa umri mrefu wana mstari mmoja au miwili inayokata kiganja chote. Karibu miaka elfu moja baadaye, mnajimu wa Kihindi Varahamihira aliandika kwamba mistari inayofika kwenye kidole cha shahada ni dalili ya mtu atakayeishi miaka 100. Mstari unaozunguka gumba haukati kiganja chote wala hauendi kwenye kidole hicho. Unaofanana na maelezo hayo ni ule wa juu, ambao leo vitabu vya Ulaya vinauita wa moyo. Katika mapokeo ya Kihindi mstari huo huitwa ayu rekha, yaani mstari wa umri.

Tuchukue mtu mwenye mstari mrefu chini ya vidole na mfupi kuzunguka gumba. Akisomwa kwa mapokeo ya Kihindi, ataambiwa ana umri mrefu. Akisomwa kwa kitabu cha Ulaya, ataambiwa anapenda kwa dhati lakini awe mwangalifu na afya yake. Mkono ni ule ule.

Hata mkono wa kusomwa haukubaliwi na wote. Kwa jadi ya India, mwanamume husomwa mkono wa kulia na mwanamke wa kushoto. Kwa Wachina ni kinyume chake, na wao hugawa kiganja kwa alama nane za bagua badala ya sayari. Ulaya walikuja kusema kwamba kushoto ni kile mtu alichozaliwa nacho, na kulia ni kile alichojitengenezea. Waislamu wengi nao huona katika mistari ya viganja vyao tarakimu za Kiarabu za 81 na 18, ambazo jumla yake ni 99, idadi ya majina ya Mwenyezi Mungu. Hao hawatabiri lolote, hukumbuka tu.

Elimu hii ilisafiri kwa vitabu na kwa watu. Katika Ulaya ya magharibi, maandishi ya Kilatini kuhusu viganja yanaonekana katika karne ya 12, wakati vitabu vingi vya Kiarabu vilipokuwa vikitafsiriwa. Mwaka 1159 mwanachuoni Yohane wa Salisbury alimlaumu rafiki yake Thomas Becket kwa kumwendea msomaji viganja kabla ya vita. Kwa hiyo watu wa jamii ya Roma, ambao asili yao ni India, waliikuta elimu hiyo Ulaya walipofika. Wao waliipeleka mitaani. Walipopiga kambi nje ya Paris mwaka 1427, wenyeji walimiminika kuonyesha viganja, hadi askofu akawatenga na kanisa wote waliofanya hivyo. Mwaka 1530 Uingereza ikatunga sheria ya kuwafukuza, ikitaja wazi usomaji wa viganja.

Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia kwenye sebule za matajiri. Aliyevuma kuliko wote ni Cheiro, mzaliwa wa Ireland aliyeitwa William John Warner, aliyedai kuwa alifundishwa na makuhani wa India. Mwandishi Mark Twain alikuwa miongoni mwa wateja wake.

Mistari yenyewe ina chanzo kinachojulikana. Hujitokeza mtoto akiwa tumboni, kabla mimba haijatimiza miezi minne. Mahali ngozi iliposhikamana na tishu za chini yake hubaki mkunjo, na mkono ukifumbwa hukunjika papo hapo. Mstari wa maisha ni mkunjo wa gumba: gumba likisogezwa kuelekea kidole cha mwisho, mkunjo huo huonekana ukizama.

Mwaka 1990 madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo ya kupima mstari huo katika maiti 100, na wakaona kwamba waliokufa wazee walikuwa na mistari mirefu zaidi. Wapenzi wa viganja wanaweza kushangilia, lakini ngozi hujikunja zaidi kadiri mtu anavyozeeka. Ili kujua kama mstari unatabiri umri, lazima upimwe ujanani, kisha mtu afuatiliwe hadi mwisho.

Jaribio la wazi zaidi ni la Ray Hyman, mwanasaikolojia wa Marekani. Alipokuwa kijana alisoma viganja ili kupata pesa, na wateja walimsifu mpaka akaamini kwamba mistari inasema kweli. Rafiki yake mwenye uzoefu akamshauri awaambie wateja kinyume cha kile mistari ilichoonyesha. Hyman alifanya hivyo, na wateja wakasema amewasoma barabara kama zamani. Akatambua kwamba mteja mwenyewe ndiye anayelinganisha maneno ya jumla na maisha yake, kisha husahau yasiyofaa.

Kiganja kina jambo moja ambalo madaktari hulitazama kweli. Baadhi ya watu wana mkunjo mmoja unaokata kiganja chote, mahali pa mistari ya moyo na akili. Wengi wao ni wazima kabisa, lakini mkunjo huo hutokea mara nyingi zaidi kwa watoto wenye ulemavu wa Down, kwa hiyo daktari huutazama pamoja na dalili nyingine. Anayetaka kujua afya yake apimwe damu na shinikizo, na asiahirishe matibabu wala ndoa kwa sababu ya mkunjo wa gumba. Anayeombwa pesa ili nuksi iliyoonekana kiganjani iondolewe, asitoe hata senti: nchini Kenya, kujifanya mtabiri ili kujipatia malipo ni kosa la jinai.