Nguzo Zinazonesa Kwenye Video ya Simu

Rekodi barabara yenye nguzo za umeme huku ukitembea, kisha itazame klipu hiyo ukiwa umetulia. Nguzo zinanesa kama mabua ya mtama yanayopigwa na upepo. Ukigeuza simu haraka kwenda upande, zote zinalala mshazari. Wengi hulaumu mkono. Mkono unachangia, lakini chanzo ni namna kamera inavyosoma picha.

Kamera ya simu haichukui fremu yote kwa mpigo mmoja. Kihisi chake husomwa safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini, na kwa simu nyingi kazi hiyo huchukua kama milisekunde 10 hadi 30. Kwa hiyo kichwa cha nguzo na kitako chake havikuchukuliwa wakati mmoja. Simu ikigeuzwa taratibu, nguzo inalala. Ikitetemeka, kila safu inasukumwa kivyake, na hapo ndipo inaponesa.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni programu za kutuliza video, na baadhi yake huleta ugonjwa mwingine. Huigawa picha vipande kama wavu, kisha kila kipande kinavutwa ili alama zake zitulie. Nguzo itatulia, lakini ukuta wa nyuma utaingia tumbo na bati la paa litapinda. Ndivyo ilivyo kwa `Subspace Warp`, chaguo ambalo Warp Stabilizer ya Adobe huja nalo. Ukibadilisha kuwa `Position, Scale, Rotation`, fremu inasogezwa kama kipande kimoja kigumu, na mistari haipindwi tena na programu. Ila mnesao unabaki palepale, maana safu zote zimesogezwa sawasawa ilhali kila moja ilikosea kwa kiasi chake.

Njia ninayoiamini ni kuirudisha kila safu mahali pake kwa kufuata saa. Simu ina jairoskopu inayopima jinsi inavyozungushwa. Tukijua kila safu ilisomwa lini, tunajua simu ilikuwa imeelekea wapi wakati huo, na tunaigeuza safu hiyo kinyume kwa kiasi kilekile. Hesabu hii haijali kama ndani ya picha kuna ukuta au mti, kwa hiyo haina sababu ya kuvuta ukuta. Gyroflow, programu ya bure, hufanya hivyo. Inahitaji kumbukumbu za jairoskopu za klipu ileile. Kwenye Android, OpenCamera Sensors huzihifadhi pamoja na video.

Kinachobaki ni kujua muda wa kusoma fremu wa simu yako, na unaweza kuupima nyumbani. Zima utulizaji wote wa picha, laza simu, kisha rekodi fremu ya mlango huku ukiigeuza simu upande kwa mwendo usiobadilika. Chukua fremu mbili zinazofuatana. Tuseme ubao wa mlango umesogea pikseli 32 kutoka fremu moja hadi nyingine, na ndani ya fremu moja umelala pikseli 19 kutoka ukingo wa juu wa picha hadi wa chini. Gawanya 19 kwa 32 upate kama 0.6. Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 33, na 0.6 ya hizo ni kama 20. Hiyo 20 ndiyo unayoiandika kwenye `Frame readout time`. Ukibadilisha ukubwa wa video au idadi ya fremu, pima upya.

Kisha weka ukingo wa karatasi kwenye kioo, sambamba na ubao wa mlango. Ukiwa bado umelala upande uleule, namba ni ndogo. Ukilalia upande wa pili, umezidisha. Ukiwa wima lakini umejikunja katikati, usiiguse namba hiyo: huo ni mkunjo wa lenzi, na unarekebishwa kwa vipimo vya lenzi yenyewe.

Utulizaji nilisema uzimwe kwa sababu maalumu. Ule wa programu ya simu umeshazikata na kuzisogeza safu kabla ya faili kuhifadhiwa, na saa zake zimevurugika. Ule wa lenzi huisogeza lenzi bila jairoskopu kujua. Nimewahi kuhangaika jioni nzima na klipu ya harusi ambayo kila namba ilikosea, hadi nilipogundua kwamba utulizaji ulikuwa umewashwa. Klipu ile haikuokoka.

Jairoskopu nayo hupima mzunguko tu. Ukirekodi kutoka dirisha la daladala linalokwenda kasi, nguzo ya karibu italala zaidi kuliko mnara wa mbali, na hakuna mgeuzo mmoja wa safu utakaozinyoosha zote mbili. Vivyo hivyo basi likikatiza mbele yako ukiwa umesimama: mlango wake utaonekana mshazari, na jairoskopu haitaona chochote cha kurekebisha, kwa kuwa simu yako haikutikisika.