Rangi Ifuate Uso, Mshono Ufuate Mwili

Harusi nyingi za mjini sasa zina wapambe wanne, watano, hata wanane, na kila kamati inataka wapendeze kwa pamoja. Njia iliyozoeleka ni ya mkato. Bibi harusi anachagua picha moja kwenye simu, kitambaa kinanunuliwa Kariakoo, kisha wote wanashonewa mshono mmoja. Siku ikifika, mmoja anang'aa, wawili wako sawa, na waliobaki wanashinda ukumbini wakivuta gauni kifuani.

Ndiyo maana wengi wameanza kuwavisha wapambe rangi za ukoo mmoja, yaani rangi moja iliyokolea kwa viwango tofauti. Hilo ni wazo zuri, ila nalo lina mtego wake. Rangi zisipopangwa vizuri, watu watadhani kitambaa kilipungua na fundi akaziba pengo kwa alichokipata. Ili wapambe waonekane kundi moja, kuna mambo mawili ya kufanana kwa wote, nayo ni aina ya kitambaa na urefu wa gauni kutoka sakafuni. Mengine mawili ni ya kila mtu na nafsi yake: rangi huchaguliwa kwa kuangalia uso, na mshono kwa kuangalia mwili.

Tuchukue mfano wa wapambe watano katika harusi ya Dar es Salaam, na rangi iliyopendwa ni damu ya mzee. Wa kwanza ni dada wa bibi harusi, mweusi, mrefu na mwembamba. Wa pili ni rafiki wa kazini, maji ya kunde, mwenye kifua kikubwa. Wa tatu ni binamu, mweupe, mjamzito wa miezi mitano. Wa nne ni wifi mtu, mweusi, mfupi, mwenye nyonga pana. Wa tano ni rafiki wa tangu shule, maji ya kunde, mwenye mabega mapana.

Kazi ya kwanza ni kujua damu ya mzee hiyo inaelekea wapi, maana zipo za namna mbili. Moja inavuta kwenye zambarau, kama mvinyo mwekundu. Nyingine inavuta kwenye kahawia, kama tofali la kuchoma. Ukiwa na kipande kimoja tu utabisha hadi jioni, lakini weka viwili juu ya karatasi nyeupe, tofauti itajitokeza yenyewe. Chagua upande mmoja, na rangi nyingine zote zivute upande huohuo. Hapa tumechagua ule wa zambarau. Basi ndugu zake ni waridi iliyokolea na waridi iliyopauka. Pichi haimo, hata kama ni nzuri, kwa kuwa inavuta kwenye njano, na ikisimama katikati ya hao itaonekana mgeni.

Rangi tatu zinatosha watu watano. Zikizidi, macho yanaanza kuhesabu badala ya kutazama. Tena ziachane vya kutosha. Shikilia vipande hivyo na mtu asimame hatua kumi mbele yako. Akiuliza kama ni rangi moja au mbili, ujue zimekaribiana mno, na kwenye picha zitaonekana kosa.

Kuhusu kitambaa, kanuni ni kwamba ukibadilisha rangi, usibadilishe kitambaa. Satini inarudisha mwanga, kwa hiyo sehemu zinazopigwa na taa huonekana nyeupe zaidi. Velveti inameza mwanga, ikaonekana nzito kuliko ilivyo. Shifoni inapitisha mwanga, na rangi ya bitana iliyo chini yake inachungulia. Ukichanganya rangi tatu na vitambaa vitatu, unakuwa na rangi tisa ambazo hukuzichagua. Kwa wapambe wetu tumechukua krepu nzito kidogo. Haing'ai, haigandi mwilini, na inaanguka vizuri kwa mwembamba na kwa mnene pia.

Sasa tuje kwenye nyuso. Kipimo ni chepesi, ila kinataka mchana. Mpambe anatoka nje, anasimama kivulini bila vipodozi, na kipande cha kitambaa kinawekwa chini ya kidevu, kimoja baada ya kingine. Taa za dukani hazifai, kwani vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vinaweza kulingana kabisa chini ya taa na kuachana mlangoni. Picha za kutumiana kwenye simu hazifai pia, kwa sababu kila kioo cha simu kina rangi zake.

Angalia uso, usiangalie kitambaa. Rangi ikimkubali mtu, macho na midomo huonekana vizuri na ngozi inakuwa ya rangi moja. Ikimkataa, weusi ulio chini ya macho unazidi, midomo inapauka, au ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Ushauri wa kutazama mishipa ya mkononi ili kujua asili ya ngozi tuuache, kwani kwa watu weusi wengi mishipa hiyo haionekani vya kutosha kusema lolote. Kitambaa chini ya kidevu kinasema.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi huiona baada ya picha kutoka. Gauni likiwa na uzito wa rangi uleule wa ngozi, kwa mbali mtu anaonekana kama hajavaa kitu. Waridi iliyopauka inayovuta kwenye kahawia huwafanyia hivyo sana walio maji ya kunde. Namna ya kuligundua ni kumpiga picha mpambe akiwa na kitambaa kifuani, kisha kuigeuza picha hiyo kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Uso na kitambaa vikitoka na kijivu kimoja, tafuta rangi nyingine.

Kwa kipimo hicho, wawili walio maji ya kunde walipata damu ya mzee yenyewe, kwa kuwa ni nzito kuliko ngozi zao na ilizichangamsha. Dada mtu na wifi mtu walipata waridi iliyopauka. Juu ya ngozi nyeusi rangi hiyo inajitenga vizuri, ilhali damu ya mzee ingezama kwenye mwanga hafifu wa ukumbini. Binamu mweupe alipata waridi iliyokolea. Ile iliyopauka ilimfifisha, na ile nzito ilimfanya aonekane mgonjwa.

Tazama kwamba mnene hakupewa rangi nzito kwa sababu ya unene wake. Tabia ya kumvalisha mnene rangi ya giza ili "apungue" ndiyo inayoharibu mpangilio, maana inamwondoa kwenye hesabu ya uso na kumtangaza kuwa ndiye mnene. Unene ni kazi ya mshono.

Na mshono una kazi ya kutosha. Mwenye kifua kikubwa anahitaji shingo ya V na mikanda ya mabega yenye upana wa kuficha sidiria. Zaidi ya hapo, fundi ampime urefu wa mbele kutoka begani, kupitia juu ya ziwa, hadi kiunoni, kisha apime wa mgongoni peke yake. Akikata mbele na nyuma kwa kipimo kimoja, kifua kinakula kitambaa, na upindo wa mbele unapanda. Ukiona gauni limeinuka mbele na kuburuza nyuma, usimwambie fundi akate nyuma. Tatizo liko juu.

Mjamzito akatwe kiuno chini ya kifua, na fundi amwachie angalau inchi moja na nusu ndani ya kila mshono wa ubavuni, kwa sababu atakayepimwa leo siye atakayevaa baada ya wiki sita. Mwenye nyonga pana apewe sketi inayotanuka taratibu kuanzia kiunoni, isiyobana pajani. Mwenye mabega mapana anapendeza na mikanda inayoelekea shingoni. Mrefu mwembamba anaweza kubeba mikunjo kifuani, ambayo kwa wengine ingekuwa mzigo. Shingo tano tofauti hazivunji kundi iwapo kitambaa ni kimoja na upindo uko usawa mmoja.

Upindo huo haupimwi kutoka kiunoni. Unapimwa kutoka sakafuni, kila mmoja akiwa amevaa viatu vya siku yenyewe, na wote waachiwe nafasi ileile, tuseme inchi moja. Mpambe aliyepimwa na ndala kisha akaja na mchuchumio atakuwa na upindo ulio juu kuliko wa wenzake, na jicho la kila mgeni litaishia hapo.

Wakati wa kununua, krepu yenye upana wa inchi 60 inataka kama mita 3 kwa gauni refu la mtu wa wastani, na mita 4 kwa mnene au kwa sketi inayotanuka sana. Nunua mita zote za rangi moja siku moja, kutoka jora moja, na uongeze mita moja ya akiba. Jora jipya la rangi hiyohiyo linaweza kutofautiana kidogo, na mpambe anayeongezeka wiki ya mwisho ndiye huangukia hapo. Kama mtaamua satini au velveti, fundi akate vipande vyote vikielekea upande mmoja. Akigeuza kimoja juu chini ili kubana matumizi, kitaonekana rangi tofauti kwenye gauni lilelile.

Limebaki la ukumbini. Taa za buluu zinazopendwa na wapambaji huua jamii yote ya nyekundu, kwa sababu kitambaa chekundu hakina buluu ya kutosha ya kurudisha. Damu ya mzee chini ya taa hizo huonekana nyeusi. Mwambieni mpambaji mapema kwamba jukwaani na wakati wa kuingia mnataka mwanga mweupe au wa manjano, na buluu abaki nayo ukutani.

Kwa hiyo, bibi harusi, usitoe pesa ya kitambaa kabla wapambe wako hawajasimama kivulini mchana na vipande chini ya kidevu. Na fundi akikuambia vipimo vya mmoja vinatosha kuwakatia wote, tafuta fundi mwingine.