Mega za nyumbani: ruta ao kuchanga na jirani?

Wazazi na vijana wa Kibumba, faiba tuiweke pembeni kwanza. Hiyo ni waya yenye kupaswa kufika mpaka ndani ya nyumba. Kama haipiti kwako, bei yake haikusaidie kitu. Inabaki ruta ya SIM kadi, ao kuchanga mega na majirani.

Wengi wanafikiri ruta inaleta rezo yake yenyewe. Hapana! Inakamata anteni ileile simu yako inakamata. Kabla ya kununua, weka SIM ile ndani ya simu, kaa pale ruta itakaa, ujaribu asubuhi, kisha saa mbili ya usiku. Kama usiku inakwama na alama za rezo zimejaa, watu wamekuwa wengi kwenye anteni. Hapo ruta mpya haitaponya kitu; jaribu SIM ya kampuni ingine.

Sasa hesabu. Tuseme ruta ni dola 40 na mega za mwezi ni dola 15. Kwa mwaka ni dola 220, ni kusema 18 na kidogo kila mwezi. Nyumba tatu zikichanga, kila moja inatoa 6 na kidogo.

Lakini saa moja ya video inaweza kula mega 500. Kijana mmoja akiangalia kila usiku, mega za wote zinaisha siku ya 10. Mkinunua tena mara mbili, zile dola 15 zimekuwa 45! Kwa hiyo, mbele ya kuchanga, mpatane juu ya video, na neno la siri la ruta libaki kwa mtu mmoja.