Chai ya Mnanaa Inapoleta Kiungulia

Mtu amekula pilau saa tatu usiku, akashiba hadi tumbo likajaa gesi. Analoweka pakiti ya chai ya mnanaa, ule mkali wenye harufu ya peremende, anakunywa, anacheua na kupata nafuu. Saa nne amelala. Saa tano anaamka kifua kinawaka, maji machungu yamefika kooni. Anailaumu pilau, na kikombe hakikumbuki kabisa.

Pale umio unapoingia tumboni kuna misuli iliyozunguka kama pete. Unapomeza hufunguka, chakula kikipita hujibana ili asidi isipande. Ili ijibane, kalisi lazima iingie ndani ya chembe zake. Mentoli, ile inayoupa mnanaa ubaridi wake, huzuia kalisi hiyo kuingia, na misuli hulegea. Gesi ikipata upenyo, mtu hucheua. Lakini upenyo unaotoa gesi ndio unaopitisha asidi, hasa aliyekunywa akilala chali tumbo likiwa bado limejaa. Nafuu na maumivu vimetoka mlango mmoja.

Kulegeza huko huko kuna manufaa chini zaidi, kwenye utumbo. Ndiyo maana mafuta ya mnanaa hutolewa kwa wenye msokoto wa tumbo wa mara kwa mara, yakiwa ndani ya vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka kwenye asidi ya tumbo. Ukivitafuna, au ukivimeza pamoja na dawa ya kupunguza asidi, ganda huyeyuka mapema, mafuta yakamwagika tumboni na kiungulia kikaanza.

Si kila mnywaji hupatwa na hali hii. Chai ina mentoli kidogo kuliko mafuta, na wengi huinywa miaka nenda rudi bila shida. Wanaopaswa kujihadhari ni wale ambao tayari wana kiungulia cha mara kwa mara, na wajawazito, kwa kuwa homoni za ujauzito huilegeza misuli hiyo hiyo.

Kujua kama wewe ni mmoja wao, acha mnanaa kwa wiki mbili, pamoja na peremende na bazoka zake, ila usibadilishe kitu kingine chochote. Kiungulia kikipungua, kunywa tena kikombe kimoja baada ya chakula cha jioni kwa siku chache. Kikirudi, umepata jibu. Kisipobadilika, angalia kwingine: wingi wa chakula, mafuta, au muda kati ya kula na kulala, ambao ni vizuri ufike saa tatu.

Chakula kikikwama kooni, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, usijipime kwa chai: nenda hospitali. Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani yanataka hospitali papo hapo, maana huenda ni moyo.