Usaili wa msaidizi wa famasia: Chupa moja ya amoksilini, maswali matatu

Umeitwa kwenye usaili wa msaidizi wa famasia. Vyeti vya chuo viko kwenye bahasha, shati limenyooshwa, na lile swali la "jieleze kwa ufupi" umelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Hilo ni jepesi. Kazi inaanza pale mfamasia anapokuwekea mgonjwa mezani na kukuuliza utafanya nini.

Haya ni mazungumzo ya mfano, yamewekwa kwenye famasia ya mtaani hapa Tanzania. Dawa ni moja tu, amoksilini ya maji ya watoto. Inatosha kumpima mtu kwenye hesabu, kwa mteja na kwenye maadili.

Mwombaji: Shikamoo dokta.

Mfamasia: Marahaba, karibu ukae. Tusipoteze muda. Mama amekuja na mtoto wa miezi 8, uzito kilo 8. Cheti kinasema amoksilini miligramu 250, mara mbili kwa siku, siku 5. Kwenye shelfu una chupa ya mililita 100, imeandikwa miligramu 125 kwa mililita 5. Unampaje?

Mwombaji: Naweka maji, natikisa, namwambia ampe kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Jibu hilo linasikika vizuri, tena limetoka haraka. Ila mtoto amepata nusu dozi.

Amoksilini ya maji ipo ya nguvu mbili zinazofahamika sana: miligramu 125 kwa kila mililita 5, na miligramu 250 kwa kila mililita 5. Chupa zinaweza kufanana kabisa, tofauti ikawa ile namba ndogo kwenye lebo. Aliyezoea kutoa ile ya 250 mkono wake unajua "mililita 5". Siku akishika ya 125 anasema maneno yaleyale, na hakuna kinachomshtua.

Hesabu yenyewe ni fupi. Cheti kinataka miligramu 250. Chupa inatoa miligramu 125 katika mililita 5. 250 ukigawa kwa 125 unapata 2, kwa hiyo ni mililita 5 mara mbili, yaani mililita 10 kila dozi. Usaili mzuri unaendelea hivi:

Mfamasia: Hebu rudia, safari hii taratibu.

Mwombaji: Kwanza nasoma cheti na lebo kwa pamoja. Chupa ni ya 125, kwa hiyo kila dozi ni mililita 10. Mara mbili kwa siku ni mililita 20, kwa siku 5 ni mililita 100. Chupa moja inatosha, lakini hakuna ziada.

Mfamasia: Na ingekuwa ya 250?

Mwombaji: Mililita 5 kila dozi, jumla 50. Dawa ingebaki nusu chupa. Ningemwambia mama kabisa kwamba inayobaki aimwage, asimtunzie mtoto mwingine.

Hesabu ya jumla ndiyo inayokamata kosa. Ukisema "mililita 5" kwa chupa ya 125, siku 5 zikiisha chupa inabaki nusu. Chupa ikibaki nusu wakati hukutarajia, rudi kwenye cheti.

Kuna kosa lingine linalojificha kwenye maji ya kuchanganyia. Unga unagongwa kwanza ili usigande chini. Unaweka maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kiasi, unatikisa, unaacha povu litulie, ndipo unajaza hadi kwenye alama. Ukijaza huku povu limesimama, likishuka dawa itakuwa chini ya alama na itakuwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Ukipitisha alama inakuwa nyepesi, na kila dozi ya mtoto inapungua. Ikishachanganywa muda wake ni mfupi, mara nyingi siku 7. Lebo ya chupa husika ndiyo ya kufuata.

Mfamasia: Sawa. Mama sasa yuko dirishani, ana haraka, bodaboda inamsubiri. Unamwambia nini?

Mwombaji: Namuuliza kama mtoto amewahi kupata vipele au kuvimba baada ya dawa ya jamii ya penisilini. Kama hapana, nampa bomba la kupimia, namwonyesha alama ya 10. Halafu namwomba, "Mama, hebu nionyeshe utakavyompa nyumbani."

Sentensi hiyo ya mwisho ni bora kuliko "umeelewa?" Mtu mwenye haraka atajibu "ndiyo" hata kama hajaelewa. Akionyesha mwenyewe, utaona kama amepita alama. Kijiko cha chai cha nyumbani kisitumike, maana vijiko havilingani ujazo. Na asisahau kutikisa chupa kila anapotoa dawa, la sivyo dozi za mwanzo zitakuwa nyepesi na za mwisho nzito.

Hapo mfamasia anageuza meza.

Mfamasia: Anakuja mzee wa mtaani kwako, anakufahamu tangu mdogo. Anasema, "Mwanangu, nipe amoksilini za buku, kifua kinabana." Hana cheti.

Mwombaji: Namsalimia, namuuliza amekuwa hivyo tangu lini, kama ana homa, kama anapumua kwa shida. Kisha namwambia, "Mzee wangu, hizi ni za cheti, na vidonge vichache havitakuponya. Twende kwa mfamasia akuangalie." Kama anapumua kwa shida, aende hospitali sasa hivi.

Mfamasia: Na mimi bosi wako nikisema, "Muuzie tu, mteja asiondoke"?

Mwombaji: Sitabishana na wewe mbele ya mzee, nitakuita pembeni. Lakini sitazitoa, dokta.

Swali hili lina mtego. Anayesema "ninafuata maelekezo ya bosi" ameanguka, na anayemfokea mzee naye ameanguka. Ukisema tu "sheria hairuhusu" bila kumuuliza mzee chochote, utakuwa umemwacha mgonjwa na kifua chake. Kuhusu siri za wateja, jibu ni fupi: mume akija kuuliza mkewe alinunua nini jana, haambiwi, hata kama ni rafiki yako.

Mfamasia: La mwisho. Saa kumi jioni unagundua ulimwandikia yule mama mililita 5. Ameshaondoka.

Mwombaji: Nakwambia wewe kwanza, hapohapo. Naangalia daftari, nampigia simu mama, namuuliza amempa mtoto mara ngapi na hali yake ikoje. Wewe ndiye utaamua aendelee vipi au arudi kwa daktari. Simwambii aongeze dozi kufidia kwa akili yangu. Namwomba alete chupa nibadilishe maandishi, kisha tunaandika kilichotokea.

Mpangilio wa jibu hili ndio unaosikilizwa. Anayeanza na "ningemtafuta mama kimyakimya" anaonyesha atakavyoficha kosa akiajiriwa. Pia anayetaja daftari anaonyesha anajua kwa nini jina na simu ya mteja huandikwa: bila hivyo, mama wa saa nne asubuhi hapatikani tena.

Ukiulizwa kama una swali, uliza nani anahakiki dozi za watoto kabla hazijatoka dirishani, na kama mfamasia huwepo zamu nzima.