Treni ya usugu ndani ya bakteria

Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza waliandika dawa za salfa zaidi ya mara 300,000. Kufikia mwaka 1999 idadi hiyo ilikuwa imeshuka kwa asilimia 97, hasa kwa sababu septrini iliwekewa masharti makali kutokana na madhara yake. Watafiti wa London wakalinganisha bakteria aina ya E. koli wa mwaka 1991 na wa mwaka 1999 kutoka kwa wagonjwa wa hospitali moja. Walitumaini kuona usugu umepungua. Kumbe mwaka 1991 bakteria waliokuwa sugu kwa salfa walikuwa asilimia 39.7, na mwaka 1999 wakafika asilimia 46.

Dawa imeondoka, usugu umebaki. Kwa nini?

Bakteria huwa sugu kwa salfa akiwa na jeni kama sul1, ambayo humpatia kimeng'enya kisichonaswa na dawa hiyo. Lakini sul1 haisafiri peke yake. Kwa kawaida hukaa mkiani mwa kipande cha DNA kiitwacho integroni, na integroni nafahamu namna moja tu nzuri ya kuieleza: ni treni.

Jeni nyingi za usugu hupatikana katika vipande vidogo vinavyoitwa kaseti. Kaseti ni jeni moja pamoja na ndoano yake, lakini aghalabu haina sehemu ya DNA inayoamuru jeni isomwe. Ni behewa lisilo na injini: lipo, lina mzigo, haliendi. Integroni ndiyo kichwa cha treni. Ina kimeng'enya kinachoitwa integrasi, kazi yake ni kushika ndoano ya kaseti na kuifunga mahali maalumu. Karibu na hapo ipo injini, yaani sehemu inayoamuru jeni zote zilizopangwa nyuma yake zisomwe.

Behewa jipya hufungwa mbele kabisa, mara tu baada ya injini, si mwishoni mwa msururu. Kwa hiyo jeni iliyoingia karibuni ndiyo inayosomwa kwa nguvu zaidi, na zilizosukumwa nyuma husomwa kidogo. Hazipotei, zinasubiri. Integrasi inaweza kuing'oa kaseti ya nyuma na kuirudisha mbele siku inapohitajika.

Siku hiyo hujulikanaje? Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba integrasi kwa kawaida hufungiwa na protini ileile inayozuia mfumo wa dharura wa bakteria. DNA yake ikipata hitilafu, kufuli hufunguka, na integrasi huanza kupangua na kupanga mabehewa. Miongoni mwa mambo yanayoleta hitilafu hiyo ni dawa zenyewe, kama siprofloksasini na trimethoprimu. Mimi jambo hili hunishtua kila nikilifikiria: dozi inayoshindwa kumwua bakteria inaweza kumpa msukumo wa kutafuta jeni ya kumwokoa.

Hata hivyo integroni haina miguu. Ili ihame inahitaji transposoni, kipande cha DNA kinachojinakili na kuruka kutoka sehemu moja ya DNA hadi nyingine. Iliyochunguzwa sana ni Tn21, iliyopatikana ndani ya bakteria wa kuhara damu nchini Japani katika miaka ya 1950. Ncha zake mbili zina herufi 38 zinazotazamana kama sura na kioo, na kimeng'enya chake hutambua ncha hizo kabla ya kunakili kilichomo katikati. Ndani yake mna integroni yenye jeni ya usugu kwa streptomaisini pamoja na sul1, na pembeni jeni za kustahimili zebaki. Tn21 yenyewe ilikuwa imepanda plasmidi, duara la DNA ambalo bakteria mmoja humpa mwenzake wanapogusana.

Turudi London. Salfa iliachwa, lakini dawa nyingine ziliendelea kutolewa, na kila dawa inayolenga behewa moja huilinda treni nzima. Si treni zote zilikuwa integroni: jeni nyingine ya salfa, sul2, husafiri kwenye plasmidi bila integroni, ila nayo mara nyingi huambatana na wenzake.

Sahani ya maabara haionyeshi mshikamano huu. Huonyesha kwamba dawa tatu zimeshindwa, si kwamba zimeshindwa kwa sababu ya kamba moja. Hilo hujulikana kwa kuisoma DNA yenyewe.

Ndivyo ilivyofanyika kwa salmonela aliyepatikana Blantyre, Malawi, mwaka 2004, wa ukoo unaoingia kwenye damu ya watoto, hasa wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo. Ukoo huo umeenea nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo. Plasmidi inayomsaidia kuleta ugonjwa ilikutwa imebeba kipande cha jamii ya Tn21, na ndani yake jeni za kushinda kloramfenikoli, ampisilini, streptomaisini na septrini, zote katika mzigo mmoja. Kloramfenikoli ilikuwa tegemeo la bei nafuu wodini. Iliposhindwa, madaktari wa Malawi walilazimika kuhamia seftriaksoni.