Ukurasa Umesema Nini Usiku? Ulinganishe na Daftari

Vikundi vingi vya huku kwetu Pwani, vya kina mama wa chama hadi timu za mpira, vina ukurasa wa Facebook na mtu mmoja au wawili wa kuuendesha. Utaratibu unafanana kila mahali. Maneno yanaandikwa, katibu au mwenyekiti anayapitisha, kisha yanapangiwa siku na saa ili yatoke yenyewe. Hiyo orodha ya yaliyopitishwa ndiyo naiita foleni. Leo nataka tuzungumze jambo moja tu: utajuaje kwamba ukurasa wenu umetoa chapisho ambalo halikuwa kwenye foleni, kwa mfano baada ya mtu kuiba neno la siri la mmoja wa wasimamizi?

Wanaoendesha kurasa hukagua, sikatai. Ila wengi huanzia kwenye foleni. Wanashika orodha yao, wanaangalia kama tangazo la Jumanne limetoka, kama la Alhamisi limetoka, wakiona yote yapo wanalala. Ukaguzi huo unakuonyesha kilichokosekana. Kilichozidi hauwezi kukuonyesha, kwa sababu chapisho la mwizi halina mstari wowote kwenye orodha yako, na wewe unatembea kwa kufuata mistari ya orodha. Lazima uanzie upande wa pili. Fungua ukurasa wenyewe, shika chapisho moja moja kuanzia la juu kabisa, na kwa kila moja uulize: mstari wako kwenye foleni uko wapi?

Shangazi mmoja, mweka hazina wa kikundi ambacho mimi hukisaidia kuangalia ukurasa wake, aliniuliza, "Sasa mwanangu, taabu yote hiyo ya nini? Si tutaliona tu lile lisilofanana na maneno yetu?" Nikamwambia, "La, shangazi, mwizi hodari huandika kama wewe." Mfano ulio wazi ni ule wa SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Tarehe 9 Januari 2024, akaunti yake ya X ilitangaza kwamba tume imeidhinisha mifuko ya uwekezaji ya Bitcoin iuzwe kwenye masoko. Tangazo lilikuwa limeandikwa kiofisi, bei ya Bitcoin ikapanda, na ilipita kama robo saa kabla ya mwenyekiti wa tume, Gary Gensler, kusema kwa akaunti yake mwenyewe kwamba ile ya tume imeingiliwa. Mtu alikuwa ameiteka laini ya simu iliyounganishwa na akaunti hiyo. La ajabu zaidi, kesho yake, tarehe 10, tume iliidhinisha mifuko hiyo kweli. Yaani chapisho la mwizi lilisema jambo lililokuwa karibu kutokea, na msomaji wa maneno peke yake asingelishuku. Swali la kama limepitishwa na nani lingelinasa mara moja.

Foleni unayolinganisha nayo isiwe ile iliyomo ndani ya programu inayochapisha. Aliyeingia kwa neno lako la siri ameingia pamoja nawe hadi jikoni. Anaweza kufungua Business Suite, akapangia chapisho lake saa tisa usiku, nalo likatoka kwa njia halali kabisa. Ukilinganisha ukurasa na orodha ya humo, vitakubaliana. Oktoba 2013 programu ya kupangia machapisho inayoitwa Buffer iliingiliwa, na matangazo ya kupunguza unene yakaanza kutoka kwenye kurasa za wateja wake kupitia njia ile ile waliyoizoea. Kwa hiyo orodha ya yaliyopitishwa ikae mahali pengine: faili ya Google Sheets kwenye akaunti tofauti, au hata daftari la karatasi la katibu. Daftari la karatasi, mimi naliheshimu sana, kwani hakuna aliye ng'ambo anayeweza kulidukua.

Niwape hesabu ya wiki moja kwa mfano. Tuseme kikundi kimepitisha machapisho manane kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Jumatano amefariki mzee wa mtaa na janaza ni alasiri hiyo hiyo, kwa hivyo msimamizi ametangaza moja kwa moja kwa simu yake. Habari za janaza hazingoji foleni, na utaratibu wowote usiolijua hilo hautadumu huku kwetu. Dawa ni kwamba aliyechapisha ghafla ajaze mstari wake kwenye orodha ndani ya saa moja, na jina lake pembeni. Sasa orodha ina mistari tisa.

Jumapili usiku ukurasa unahesabiwa: machapisho tisa. Tisa kwa tisa, na hapo ndipo wengi wangefunga daftari. Kumbe kwenye zile tisa za orodha, video ya Ijumaa ilikwama na haikutoka kabisa, na kwenye zile tisa za ukurasa, moja haina mstari. Kilichopungua kimefunika kilichozidi. Ndiyo maana idadi peke yake si ukaguzi, na kila chapisho lazima liunganishwe na mstari wake.

Lile lisilo na mstari linaomba mchango wa matibabu ya mtoto. Picha ni ya mchango wa kweli uliofanywa mwezi uliopita, na maneno ni yale yale, mpaka dua ya mwisho. Kilichobadilika ni namba ya M-Pesa tu. Limetoka saa 02:47 usiku wa kuamkia Jumamosi. Msimamizi akiangalia chini ya jina la ukurasa anaona limechapishwa kwa jina la mmoja wa wasimamizi, ambaye saa hiyo alikuwa amelala. Siku mbili kabla, huyo alipokea ujumbe uliodai ukurasa utafungwa kwa kuvunja haki za picha, akabonyeza linki na kuandika neno lake la siri. Ujumbe wa namna hiyo hutumwa kila siku kwa wenye kurasa.

Kuunganisha chapisho na mstari kunataka alama isiyobadilika. Kila chapisho la X lina linki yake, na linki hiyo inafaa. Likishatoka, bandika linki kwenye safu ya D ya karatasi iitwayo Foleni. Siku ya ukaguzi weka linki zote zilizo kwenye ukurasa katika safu ya A ya karatasi nyingine, kisha mbele ya ya kwanza andika:

```
=COUNTIF(Foleni!D:D, A2)
```

Ikitoka 1, chapisho lina mstari. Ikitoka 0, simama hapo hapo. Tumia linki nzima, usitumie ile namba ndefu ya mwisho peke yake, kwa kuwa Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, na namba za X ni ndefu kuliko hizo. Machapisho mawili tofauti yanaweza kuonekana ni moja. Facebook ina kero yake: linki zenye herufi `pfbid` zinaweza kubadilika, chapisho moja likakupa linki mbili. Huko linganisha kwa saa kamili na maneno ya kwanza ya chapisho.

Na tukitaja saa, hapa Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Katibu akiandika "saa 2" kwenye daftari, anakusudia saa mbili asubuhi au 02:00 ya kwenye simu? Andikeni 08:00 au 20:00, basi. Mtego wa pili ni data iliyopakuliwa na programu, ambayo mara nyingi huandika saa za UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Lile chapisho la 02:47 Jumamosi litaonekana huko ni la 23:47 Ijumaa, na mkaguzi anayetafuta mambo ya Jumamosi atalipita.

Utakutana pia na vitu visivyo na mstari ambavyo si wizi. Picha ya ukurasa ikibadilishwa, hutokea kama chapisho. Kilichowekwa Instagram kinaweza kujirusha chenyewe Facebook. Hivi navyo vipewe mistari, maana ukaguzi unaotoa kengele kumi za bure kila wiki hausikilizwi kengele ya kumi na moja.

Kuna mambo matatu ambayo ulinganisho huu hauyaoni. La kwanza, mwizi anaweza kuacha kuongeza chapisho jipya na badala yake akahariri la zamani, akabadilisha namba ya kutuma pesa. Mstari upo, linki ni ile ile. Kwa chapisho lolote lenye namba ya M-Pesa, orodha iwe na namba yenyewe, na mkaguzi aisome tarakimu kwa tarakimu. La pili ni picha za saa 24, zile za Stories, ambazo hazikai kwenye mfululizo wa ukurasa na zitakuwa zimeshafutika ukikagua kwa wiki. La tatu ni matangazo ya kulipia, ambayo yanaweza kurushwa kwa jina la ukurasa bila kuonekana juu yake. Hayo yatafute kwenye Meta Ad Library kwa jina la ukurasa wenu.

Kukagua mara moja kwa wiki kunamaanisha lile la Jumamosi lilikaa karibu siku mbili likipokea pesa za watu. Ukurasa unaogusa michango nashauri ukaguliwe kabla ya kulala na tena baada ya alfajiri, kwa simu ambayo haikuingia kama msimamizi, ili uone wanachokiona watu. Machapisho ya siku moja ni kazi ya dakika tatu.

Ukilikuta, piga kwanza picha ya skrini yenye saa, jina na namba, na uhifadhi linki, ndipo ulifute. Halafu msimamizi aliyeibiwa abadilishe neno la siri na kuzitoa simu zote zilizoingia kwenye akaunti yake. Muangalie orodha ya wasimamizi kama kuna mgeni, na muondoe programu zote zilizopewa ruhusa ya kuchapisha, kwa sababu ruhusa hizo zinaweza kubaki hai hata neno la siri likibadilika. Pitieni na yaliyopangwa kutoka siku zijazo. Mwizi akishatolewa, la pili linaweza kuwa tayari limepangiwa Ijumaa ijayo. Namba iliyotumika ipelekwe Safaricom kwa ujumbe wa 333, na ukurasa uandike tangazo fupi linaloitaja namba hiyo kuwa si ya kikundi. Tangazo hilo nalo lipewe mstari wake kwenye daftari.